Kwa Mia ya Nini?

Ndugu zetu wanachama, na makarani wenzetu wa mjini na mashamba,

Yako maneno matatu ambayo tumeyasikia katika afisi nyingi, tangu Vuga hadi Malindi, na ambayo twaona wakati umefika wa kuyapinga waziwazi. Maneno hayo ni haya: "Ni profoma tu." Husemwa na mkubwa aliye na haraka, husemwa na mwuzaji aliyesimama mbele ya meza akingoja, na, kwa masikitiko yetu, husemwa hata na karani mwenyewe anapoitia karatasi sahihi yake kabla ya kuipigia hesabu.

Ni kweli kwamba profoma si deni. Ni karatasi ambayo mwuzaji humpa mnunuzi kabla ya biashara kufungwa, akimwonyesha umbo la ankara itakayokuja: vitu gani, vingapi, kwa bei gani, na kwa masharti gani ya malipo. Haiingizwi katika daftari kama deni, wala haimlazimishi mtu kulipa. Lakini nani kati yetu asiyejua safari yake? Ikisha kutiwa sahihi, karani mmoja huinakili katika hati ya agizo, wa pili huinakili katika vocha ya malipo ya arbuni, na mwezi ukipita wa tatu huinakili katika vocha ya salio. Hakuna hata mmoja wa hao anayepiga hesabu upya, maana kila mmoja adhani aliyemtangulia amekwisha kuipiga. Kwa hiyo tarakimu iliyozaliwa katika karatasi "isiyo deni" huwa deni kwa kunakiliwa tu. Mahali pa kuizuia ni pale mwanzo, na mwenye kuizuia ni karani wa kwanza.

Twataka kuonyesha jambo hili kwa mfano mmoja, nao ni wa mistari mitatu ambayo mara nyingi hukaa pamoja chini ya profoma: arbuni, punguzo la kulipa mapema, na salio. Mistari hiyo mitatu yapasa ipatane. Dai letu ni kwamba haitoshi kuiangalia miwili miwili, na kwamba hakuna asilimia iliyo na maana mpaka isemwe ni kwa mia ya nini.

Natuichukue profoma ya madawati ya skuli moja iliyoko upande wa Makunduchi. Karakana ya mjini iliyoitoa tutaiacha bila jina, maana shabaha yetu ni hesabu wala si mtu. Bei imekwisha kuingizwa kodi na usafiri ndani yake, basi hayo mawili hayatatusumbua. Karatasi yasema hivi:

Madawati 80, kila moja Sh. 125,000/=
Jumla: Sh. 10,000,000/=
Arbuni 40 kwa mia: Sh. 4,000,000/=
Punguzo 5 kwa mia, salio likilipwa ndani ya siku 10: Sh. 500,000/=
Salio la kulipwa: Sh. 5,700,000/=

Karatasi hii ilipita mikononi mwa watu watatu wa kamati ya skuli, nao wote watatu ni watu waangalifu. Wa kwanza alitazama arbuni na punguzo. Alizidisha 10,000,000 kwa 40 kwa mia akapata 4,000,000; akazidisha kwa 5 kwa mia akapata 500,000; akaandika "sawa". Wa pili alitazama punguzo na salio. Alitoa 500,000 katika 10,000,000 akapata 9,500,000, akasema, ikiwa arbuni ni 40 kwa mia basi iliyobaki ni 60 kwa mia, na 60 kwa mia ya 9,500,000 ni 5,700,000, akaandika "sawa". Wa tatu alitazama arbuni na salio. Alitoa 4,000,000 katika 10,000,000 akapata 6,000,000. Akaondoa 5 kwa mia ya hizo, yaani 300,000, akapata 5,700,000. Naye akaandika "sawa".

Watu watatu, sahihi tatu, na hakuna aliyekosea kuzidisha wala kutoa. Hata hivyo karatasi ni mbovu. Mtu yeyote aijumlishe: arbuni 4,000,000, na punguzo 500,000, na salio 5,700,000. Hufika 10,200,000, ilhali bei ya madawati yote ni 10,000,000. Zimezuka shilingi 200,000 ambazo hazina dawati.

Hapa ndipo twataka wasomaji wetu wasimame kidogo. Mbona watu watatu wakaona sawa katika karatasi isiyo sawa? Sababu ni kwamba kila mmoja alikuwa na mapatano yake kichwani, na mapatano yote matatu ni ya halali. Ila hayawezi kuwa ya kweli kwa wakati mmoja.

Mapatano ya kwanza ni haya: asilimia zote mbili zahesabiwa juu ya bei nzima. Arbuni ni 4,000,000, punguzo ni 500,000, na salio ni kile kinachobaki, yaani 5,500,000. Mnunuzi atoa fedha 9,500,000 kwa jumla.

Mapatano ya pili: punguzo latolewa kwanza katika bei nzima, kisha arbuni yahesabiwa juu ya bei iliyopunguzwa. Punguzo ni 500,000, bei iliyobaki ni 9,500,000, arbuni ni 40 kwa mia ya hiyo, yaani 3,800,000, na salio ni 5,700,000. Mnunuzi atoa 9,500,000 vilevile, lakini kidogo hutangulia na kingi hufuata.

Mapatano ya tatu: punguzo ni juu ya salio peke yake. Arbuni ni 4,000,000, salio kabla ya punguzo ni 6,000,000, punguzo ni 300,000, na salio la kulipwa ni 5,700,000. Mnunuzi atoa 9,700,000. Wala mwuzaji asilaumiwe kwa kutaka mapatano haya. Aweza kusema, "Arbuni ni sharti la kuanza kazi, huilipi mapema kwa hisani yako, basi siipunguzii. Nampunguzia mtu kile anachoharakisha." Hayo ni maneno ya haki, mradi yaandikwe.

Sasa iangalieni tena karatasi yetu. Arbuni yake ya 4,000,000 yatoka katika mapatano ya kwanza au ya tatu. Punguzo lake la 500,000 latoka katika ya kwanza au ya pili. Salio lake la 5,700,000 latoka katika ya pili au ya tatu. Chukua mistari yoyote miwili, utayapata mapatano yanayoikubali. Ichukue yote mitatu, hutapata hata moja. Ndiyo maana twasema kwamba kuangalia miwili miwili si kuangalia.

Na tazameni jinsi salio lenyewe linavyodanganya. Tarakimu 5,700,000 ni ileile katika mapatano ya pili na ya tatu, ijapokuwa mnunuzi hulipa 9,500,000 katika moja na 9,700,000 katika jingine. Si bahati mbaya ya mfano wetu. Itakuwa hivyo siku zote, kwa sababu 60 kwa mia ya 95 kwa mia ni sawasawa na 95 kwa mia ya 60 kwa mia. Karani anayejisifu kwamba yeye huanzia chini, katika salio, na salio likitoka basi kazi imekwisha, ajue kwamba ameshika mstari usioweza kumwambia ni mapatano gani yaliyofungwa.

Watu huuliza, kosa hili hutoka wapi? Mara nyingi halitoki katika wizi. Hutoka katika jedwali la kompyuta ambalo mwuzaji alilitengeneza zamani kwa mteja mwingine. Kisanduku cha arbuni kiliambiwa kuchukua 40 kwa mia ya jumla. Siku nyingine punguzo likaongezwa, likaambiwa kuchukua 5 kwa mia ya jumla ileile. Kisanduku cha salio hakikuambiwa kutoa. Kiliambiwa kuchukua 60 kwa mia ya kile kilichobaki baada ya punguzo. Mashine ikatii kila amri. Anayesema, "Imepigwa na kompyuta, haiwezi kukosa," asema kweli kwamba kuzidisha hakukukosewa. Lakini mashine haikuulizwa kama amri hizo tatu zapatana, nayo haisemi neno ambalo haikuulizwa.

Kwa hiyo salio lisihesabiwe kwa asilimia kamwe. Salio ni kinachobaki, na kinachobaki hupatikana kwa kutoa: jumla, toa arbuni, toa punguzo. Ikiwa mwuzaji amelipata kwa njia nyingine na tarakimu ikatoka ileile, vyema. Ikitoka nyingine, karatasi irudi.

Tuseme basi kazi yenyewe, kwa utaratibu ambao karani aweza kuufuata kwa kalamu kwa muda mfupi. Kwanza, azidishe idadi kwa bei na kuithibitisha jumla, maana yote yafuatayo husimama juu yake. Pili, kando ya kila asilimia aandike kwa mkono wake asilimia hiyo ni ya nini: ya bei nzima, ya bei iliyopunguzwa, au ya salio. Kama karatasi haisemi, asibahatishe. Aweke alama ya kuuliza. Tatu, ajumlishe arbuni, punguzo na salio, na aone kama yarudi katika jumla. Nne, azidishe upya kila asilimia juu ya kile alichokiandika kando yake.

Hatua ya tatu na ya nne zahitajiana. Mapatano yetu yote matatu hupita katika hatua ya tatu: kila moja hurudi 10,000,000. Kwa hiyo kujumlisha humfichua mwuzaji aliyechanganya, lakini hakumfichui aliyekuandikia mapatano ya tatu ilhali mlikubaliana kwa mdomo ya kwanza. Huyo hufichuliwa na hatua ya pili na ya nne tu, pale unapouliza ni kwa mia ya nini.

Iko na alama ya kutambua kosa hili ukilikuta. Ukijumlisha na kuona zimezidi, chukua kile kilichozidi ukigawe kwa arbuni. Katika karatasi yetu 200,000 kwa 4,000,000 ni 5 kwa mia, yaani kiwango kilekile cha punguzo. Ukiona hivyo, fahamu kwamba punguzo la arbuni limeonyeshwa katika mstari wa punguzo lakini halikutolewa katika salio. Tofauti ya shilingi moja au mbili huenda ikatokana na kukata senti, nayo haina haja ya barua. Tofauti iliyo sawasawa na asilimia iliyomo katika karatasi yenyewe haitokani na senti.

Limebaki jambo la siku, nalo ndilo linaloharibu hata profoma iliyo sahihi kwa hesabu. Punguzo la kulipa mapema ni la masharti. Likiwa la masharti, basi salio si moja. Ni mawili: la mwenye kuwahi na la mwenye kuchelewa. Profoma iliyoandika salio moja tu imeacha nusu ya mapatano nje. Katika mapatano ya kwanza, salio la kuwahi ni 5,500,000 na la kuchelewa ni 6,000,000. Katika ya tatu, ni 5,700,000 na 6,000,000. Katika ya pili, ni 5,700,000 na 6,200,000, kwa sababu arbuni ilikwisha kulipwa pungufu kwa kutumaini punguzo, na punguzo likipotea yapasa kurudisha kilichopunguzwa.

Hapo karani apata swali moja fupi la kumwuliza mwuzaji pale mezani, bila ya kugombana wala kumfundisha hesabu: "Tukichelewa, salio litakuwa ngapi?" Akijibu 6,200,000, yeye anakusudia mapatano ya pili. Akijibu 6,000,000, anakusudia ya kwanza au ya tatu, nawe utamwuliza punguzo lake ni 500,000 au ni 300,000. Akibabaika, umejua kwamba hata yeye hajui alichokiandika, na ni heri kujua hayo kabla ya arbuni kutoka kuliko baadaye.

Kisha aulizwe siku 10 zinaanza lini. Wauzaji wengine huandika kwa mkato namna hii: 5/10, n/30. Maana yake ni punguzo la 5 kwa mia ukilipa ndani ya siku 10, au bei kamili ndani ya siku 30. Si nusu, kama alivyoweza kudhani mtu asiyezoea alama hizo. Kwa desturi ya biashara siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya ankara yenyewe, wala si ya profoma. Lakini profoma yetu haikusema, nayo inayo tarehe moja tu juu yake.

Natuseme tarehe hiyo ni 3 Machi, na madawati yahitaji siku 21 za kuundwa, yaani yatafika Makunduchi tarehe 24 Machi pamoja na ankara. Siku 10 zikihesabiwa tangu profoma, zakwisha tarehe 13 Machi. Siku hiyo hakuna dawati lililofika skuli. Pengine mbao bado zinakaushwa. Mnunuzi ana njia mbili tu: ama alipe bei yote kabla ya kuona hata dawati moja, ama alikose punguzo. Zikihesabiwa tangu ankara, zakwisha tarehe 3 Aprili, na kamati ina nafasi ya kuyahesabu madawati, kuyatikisa, kukataa yaliyolegea, na bado kuwahi. Hesabu ya shilingi haikubadilika hata kidogo, lakini katika hali ya kwanza punguzo lilikuwa ni la jina tu. Asiyeuliza tarehe amekubali punguzo ambalo huenda hatalipata, na ameidhinisha salio ambalo huenda si lake.

Na afisi yetu wenyewe ijipime kabla ya kuahidi. Ikiwa vocha ya malipo yahitaji sahihi mbili, na mmoja wa watia sahihi husafiri mara kwa mara, basi siku 10 si nyingi. Punguzo ambalo afisi haiwezi kuliwahi lisiingizwe katika makadirio. Kamati iweke akiba ya salio la kuchelewa, na ikiwahi, kilichosalia kirudi katika mfuko.

Twajua watakayotujibu. Wa kwanza watasema tofauti ni ndogo: 200,000 katika 10,000,000 ni 2 kwa mia tu. Sisi twawauliza na wao swali letu, ni 2 kwa mia ya nini? Ni madawati. Dawati moja ni 125,000, basi 200,000 ni dawati zima na zaidi ya nusu ya la pili. Anayesema ni kidogo na aende skuli achague watoto watakaokaa chini kwa hesabu hiyo.

Wa pili watasema kwamba kumrudishia mwuzaji karatasi ni kumtuhumu. Hatukubali. Mwuzaji mwaminifu aliyekosea hupenda kusahihishwa kabla hajakata mbao, kwa kuwa baadaye mkaguzi wa hesabu akiuliza, jina lake ndilo litakaloandikwa. Na kumbukeni kwamba kosa hili laweza kumgeukia yeye: akiandika arbuni ya mapatano ya pili na salio la mapatano ya kwanza, yaani 3,800,000 na 5,500,000, pamoja na punguzo la 500,000, jumla hufika 9,800,000, naye ndiye aliyepoteza 200,000. Karani anayenyamaza kwa kuwa kosa limemwelekea mwuzaji hana haki ya kulalamika siku litakapomwelekea yeye.

Wa tatu, nao ndio wanaotuudhi zaidi, watasema kwamba hiyo si kazi ya karani: kazi yake ni kupeleka karatasi mbele, na wenye kuidhinisha wataona. Ndugu zetu, mwenye kuidhinisha huona karatasi arobaini kwa siku, naye huidhinisha kwa kutegemea sahihi ndogo iliyoko pembeni, ambayo ni yako. Ikiwa sahihi hiyo haina maana yoyote, basi afadhali tuiondoe na nafasi yake ibaki nyeupe, ili mkubwa ajue kwamba hakuna aliyetazama. Kutia sahihi juu ya kitu usichokipima ni kumdanganya yule anayekutegemea, ijapokuwa hukusema neno.

Twakubali mpaka wa dai letu. Karani akifanya haya yote hatajua kama 125,000 ni bei ya haki kwa dawati, wala kama mbao ni ngumu au ni laini. Hayo yana watu wake: fundi, na aliyezunguka Darajani na Mlandege akilinganisha bei. Sisi twasema juu ya jambo moja tu, kwamba karatasi ipatane na nafsi yake.

Kwa wasiojua waandike nini, hii hapa barua fupi ambayo yeyote aweza kuinakili:

"Bwana Meneja,
Tumeipokea profoma yako ya tarehe 3 Machi kwa madawati 80. Arbuni, punguzo na salio vikijumlishwa hufika Sh. 10,200,000/=, na jumla yako ni Sh. 10,000,000/=. Tafadhali tuandikie upya, ukieleza: punguzo la 5 kwa mia ni juu ya bei nzima au juu ya salio, arbuni ya 40 kwa mia ni juu ya bei kabla ya punguzo au baada yake, siku 10 zaanza tarehe gani, na salio litakuwa kiasi gani tukiwahi na kiasi gani tukichelewa. Arbuni italipwa baada ya kupokea karatasi iliyosahihishwa.
Wako, Karani wa Kamati."

Barua hiyo haina tusi wala tuhuma. Ina hesabu moja na maswali manne, na mwuzaji aliyezoea biashara ataijibu siku hiyohiyo. Arbuni isitoke mpaka jibu lifike kwa maandishi, maana fedha ikisha kutoka, mnunuzi hana tena cha kumfanya mwuzaji aharakishe kusahihisha. Jibu likifika, karatasi ya zamani ipigwe mstari mwekundu na kuwekwa katika faili chini ya ile mpya, isitupwe. Ankara ya mwisho itakapokuja, ilinganishwe na ile mpya mstari kwa mstari, na hasa itazamwe kama arbuni iliyokwisha kulipwa imetolewa.

Twaomba basi mambo mawili katika mkutano ujao wa chama. La kwanza, kila afisi yenye mwanachama wetu iwe na muhuri mdogo wa mpira wenye mistari minne, upigwe nyuma ya kila profoma: arbuni ni ya nini, punguzo ni la nini, siku zaanza lini, na jumla ya mistari mitatu ni kiasi gani. Karani ajaze kwa mkono, kisha ndipo atie sahihi. La pili, mwanachama atakayeirudisha profoma isiyopatana, akalaumiwa kwa kuchelewesha kazi, asiachwe peke yake. Chama kiandike kwa mkubwa wake, kiambatanishe hesabu, na kumwuliza ni ipi kati ya tarakimu hizo tatu anayotaka kuilipa.

Na atakayekuja mezani akisema "ni profoma tu", mpeni kalamu, mumwombe aijumlishe mwenyewe.